Riba ikibadilika, mteja aonyeshwe hesabu

Mwezi Agosti 2023, Benki Kuu ya Congo ilipandisha riba yake elekezi kutoka asilimia 11 hadi asilimia 25. Wakaaji wengi wa Lubumbashi, Bukavu au Kalemie walisikia habari hiyo redioni kama jambo la Kinshasa, jambo la wakubwa na wataalamu wa pesa. Lakini mfanyabiashara mwenye mkopo wa franka, ambaye mkataba wake unasema kwamba riba inabadilika kufuatana na riba ya Benki Kuu, alikuwa na sababu ya kusimama na kusikiliza. Oktoba 2025 riba hiyo ilishushwa hadi asilimia 17.5, na hapo pia alikuwa na sababu ya kusikiliza, pengine kubwa kuliko ya kwanza.

Kwa nini? Kwa sababu mkopo wa riba inayobadilika ni mkopo ambao malipo yake ya kila mwezi hayajaandikwa kwa wino usiofutika. Siku riba inapobadilika, benki inachukua deni lililobaki, inachukua miezi iliyobaki, inaweka riba mpya, na kutoka hapo inapata malipo mapya ya mwezi. Hesabu yenyewe si ya siri na si ngumu sana. Ugumu uko kwingine: mteja anapokea ujumbe mfupi kwenye simu kwamba kuanzia mwezi ujao atalipa kiasi fulani, bila kuonyeshwa kiasi hicho kimetoka wapi. Anayelipa bila kuonyeshwa hesabu hawezi kujua kama ameonewa au kama benki imefanya sawa.

Chukua mfano wa mama mmoja anayeuza vitenge katika soko la Lubumbashi. Ni mfano tu, lakini wa aina yake wako wengi. Mama huyu amekopa dola 20,000 kwa miezi 60, riba asilimia 12 kwa mwaka, nayo inaweza kubadilika. Amechagua dola kwa sababu hata vitenge vyake vinanunuliwa kwa dola, na kwa sababu nchini Congo sehemu kubwa sana ya krediti za benki iko katika dola. Kwa masharti hayo, malipo yake ni dola 444 na senti 89 kila mwezi.

Ndani ya hizo dola 444 kuna vitu viwili. Kwanza kuna riba ya mwezi huo, ambayo ni asilimia 1 ya deni analodaiwa bado. Kinachobaki kinapunguza mtaji, yaani deni lenyewe. Mwezi wa kwanza riba inakula dola 200 nzima, na mtaji unapungua kwa dola 244 na senti 89. Kadiri deni linavyoshuka, riba inakula kidogo na mtaji unapungua haraka. Mama akilipa miezi 24 bila kukosa hata mmoja, deni lililobaki ni dola 13,394 na nusu. Wengi hushangaa hapo. Wanafikiri kwamba baada ya miaka miwili kati ya mitano deni lingekuwa dola 12,000, yaani 20,000 ukitoa sehemu mbili za tano. Sivyo, kwa sababu miezi ya mwanzo ndiyo iliyobeba riba nyingi zaidi.

Sasa, mwisho wa mwezi wa 24, riba inapanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Mama anaitwa benki. Ajenti wa krediti anamwambia, «Mama, riba imepanda, si sisi tumeamua.» Mama anauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: «Papa, sasa nitalipa ngapi?»

Jibu sahihi linatoka katika namba tatu peke yake. Deni lililobaki ni dola 13,394.50. Miezi iliyobaki ni 36. Riba mpya ni asilimia 15 kwa mwaka, yaani 1.25 kwa mwezi. Katika hesabu hii hakuna nafasi ya dola 20,000 za mwanzo wala ya miezi 60 ya mwanzo. Hizo zimekwisha kufanya kazi yao. Mwenye kompyuta yenye Excel ya Kifaransa anaweza kuandika hivi, akikumbuka kwamba Excel hiyo inatenga senti kwa koma:

```
=VPM(15%/12;36;-13394,5)
```

Excel ya Kiingereza inaita kazi hiyo hiyo `PMT`. Jibu ni dola 464 na senti 32. Kwa hiyo malipo ya mama yanapanda kwa dola 19 na senti 43 kila mwezi, na kwa miezi yote 36 iliyobaki ataongeza dola 700 hivi.

Kuna watu watakaosema hiyo ni ndogo kuliko walivyoogopa, na hapo kuna kosa moja linalosikika hata ndani ya ofisi za benki. Riba ikitoka 12 kwenda 15 imeongezeka kwa robo, basi mtu anasema malipo nayo yaongezeke kwa robo. Robo ya 444 ni 111, na mama angeambiwa alipe dola 556. Huo ni uongo wa hesabu, hata kama aliyeutamka hakukusudia kudanganya. Kilichoongezeka kwa robo ni sehemu ya riba tu, si malipo yote. Kwa mama huyu malipo yote yanapanda kwa asilimia 4 na kitu.

Lakini mteja makini ataona jambo jingine. Mwezi wa 25, riba kwa bei ya zamani ingekuwa dola 133 na senti 95. Kwa bei mpya ni dola 167 na senti 43. Riba imeongezeka kwa dola 33 na nusu, lakini malipo yameongezeka kwa dola 19 tu. Tofauti imeenda wapi? Haikupotea. Imetolewa kwenye mtaji: mwezi huo deni linapungua kwa dola 297, mahali ambapo lingepungua kwa dola 311. Yaani benki inachukua riba yake kamili, na deni la mama linashuka polepole zaidi kuliko ilivyopangwa mwanzoni. Mwisho wa safari ni ule ule, mwezi wa 60, lakini njia imepinda. Jambo hili likumbukwe, maana litarudi.

Ukubwa wa mshtuko unategemea wakati. Kama riba ingepanda wakati mama amebakiza miezi sita, asingehisi kitu, kwa sababu deni lingekuwa dogo na muda mfupi. Ikipanda mwanzoni, au kwenye mkopo wa nyumba wa miaka 15, maumivu ni makubwa, kwa sababu katika mkopo mrefu sehemu kubwa ya kila malipo ni riba. Na ukubwa wa mabadiliko nao una neno lake. Rudi kwa yule mwenye mkopo wa franka. Tuseme amebakiza franka milioni 10 na miezi 24, riba yake ilikuwa asilimia 20, na mkataba unapandisha riba yake pointi kwa pointi pamoja na ile ya Benki Kuu. Kutoka 11 kwenda 25 ni pointi 14, kwa hiyo anafika asilimia 34. Malipo yake yanatoka karibu franka 509,000 hadi karibu franka 580,000 kwa mwezi. Hizo franka 71,000 za kila mwezi zinatoka katika duka lile lile, na wateja ni wale wale.

Basi kosa linaingia wapi? Milango yake ni michache.

Mlango wa kwanza ni kupiga hesabu upya kutoka mwanzo wa mkopo, kana kwamba mama anakopa leo. Mtu anachukua dola 20,000, miezi 60, riba 15, na kupata dola 475 na senti 80. Kwa macho inafanana sana na jibu sahihi. Tofauti ni dola 11 na senti 48. Lakini kwa miezi 36 ni zaidi ya dola 400. Kama daftari la benki linaandika deni sawasawa, mama atamaliza kabla ya wakati na malipo yake ya mwisho yatakuwa madogo. Kama halikuandika, na akalipishwa miezi yote 36, pesa hizo zimekwenda.

Mlango wa pili ni mtamu, na kwa hiyo ni wa hatari zaidi. Benki inachukua deni lililobaki, lakini inaweka muda wa mwanzo, miezi 60, badala ya 36. Malipo mapya ni dola 318 na senti 65. Riba imepanda, lakini malipo yameshuka! Mama anatoka benki akicheka. Hakuna aliyemwambia kwamba safari imeanza upya: atalipa miaka mitano mingine juu ya miwili aliyokwisha kulipa. Jumla ya atakayolipa tangu siku hiyo ni dola 19,119. Kwa hesabu sahihi ya miezi 36 ingekuwa dola 16,716. Tofauti ni dola 2,400. Alama ya kosa hili ni rahisi kuitambua: riba ikipanda na malipo yakashuka, basi muda umerefushwa, na hakuna maelezo mengine isipokuwa mteja aliingiza pesa za ziada kupunguza deni.

Haina maana kwamba kurefusha muda ni dhambi. Kuna wanaohitaji. Mama angeweza kuiambia benki, «Mimi nitaendelea kulipa 444 na senti 89 kama zamani, niongezeeni miezi.» Kwa riba ya asilimia 15 angemaliza deni kwa miezi 38 na kisalio kidogo badala ya 36, na angelipa karibu dola 190 zaidi kwa jumla. Kwa mfanyabiashara ambaye dola 19 za kila mwezi zinamkaba, hiyo inaweza kuwa bei ya kukubalika. Shida ni pale uchaguzi huo unapofanywa na mashini ya benki, au na mkubwa wa ajansi, bila mwenye deni kuulizwa. Malipo zaidi au miezi zaidi, hilo ni swali la mwenye duka. Yeye ndiye anayejua msimu wa mvua unamfanyia nini, na ada za shule zinaingia mwezi gani.

Mlango wa tatu uko katika namba inayoitwa deni lililobaki. Mteja aliyechelewa mwezi mmoja au miwili ana riba ambayo haikulipwa, na mara nyingi ana adhabu ya kuchelewa juu yake. Siku ya kupiga hesabu upya, vitu hivyo vyote vinaweza kutupwa katika kapu moja na kuitwa mtaji. Kuanzia siku hiyo adhabu nayo inazaa riba. Kama mkataba unaruhusu, basi unaruhusu. Lakini mteja aone kwamba deni lake limetoka kiasi gani hadi kiasi gani, na kwa nini. Namna ya kugundua ni kuchukua jedwali la malipo alilopewa siku ya kutia saini, kutafuta mstari wa mwezi huo, na kulinganisha. Kwa mama wa mfano wetu, mstari wa mwezi wa 24 unapaswa kusema 13,394.50. Kama barua ya benki inasema 13,700, kuna dola 300 na zaidi zinazotaka maelezo kabla ya kuzungumzia riba yoyote.

Na kuna namba ya tatu, miezi iliyobaki, ambayo kwa wakaaji wa mashariki si jambo la vitabuni. Mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 walipoingia Goma, benki za mji zilifunga milango. Watu walikuwa na pesa ndani na hawakuweza kuzitoa, na wengine walikuwa na mikopo na hawakuwa na gishe ya kulipia. Mkataba wa mkopo, kwa upande wake, haujui vita. Una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo inakaa pale pale.

Angalia inavyofanya kazi kwa mkopo ule ule, safari hii bila riba kubadilika hata kidogo. Tuseme mteja wa Goma alifika mwezi wa 24 na deni la dola 13,394.50, kisha miezi sita ikapita bila malipo. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi imeendelea kuhesabiwa, hata bila adhabu, na imeongeza dola 804. Deni sasa ni dola 14,198. Miezi iliyobaki mpaka tarehe ya mwisho si 36 tena, ni 30. Ukipiga hesabu kwa namba hizo, malipo mapya ni dola 550 kwa mwezi, mahali pa 444. Biashara iliyosimama nusu mwaka inaambiwa irudi kazini kwa kulipa dola 105 zaidi kila mwezi. Lakini benki ikikubali kurudisha miezi sita iliyoibwa na vita, yaani kuhesabu miezi 36 tena, malipo ni dola 471 na senti 58. Deni ni lile lile, riba ni ile ile, na kati ya kuweza kulipa na kushindwa kuna namba moja tu, 30 au 36.

Katika mkataba wa riba inayobadilika, mambo haya mawili yanaweza kumkuta mtu siku moja: miezi imepungua na riba imepanda pamoja. Hapo benki ikitoa jibu moja tu, bila kutenga kipi kimeletwa na riba na kipi kimeletwa na miezi iliyokosekana, mteja hawezi hata kujua aombe nini. Riba hawezi kuiomba ishuke, maana inafuata soko. Miezi anaweza kuiomba.

Turudi Lubumbashi, kwa mama wa vitenge. Mwaka mmoja umepita, yuko mwezi wa 36, na riba inashuka kutoka 15 kurudi asilimia 12 ile ile aliyoanza nayo. Anategemea nini? Anategemea kurudi dola 444 na senti 89. Benki inamwambia 450 na senti 79. Sasa anakasirika, na majirani zake wa soko wanakasirika pamoja naye. Riba imerudi, kwa nini malipo hayakurudi?

Safari hii benki iko sawa. Katika ule mwaka wa riba ya 15, deni lilishuka polepole, kama ilivyoonekana hapo juu. Kama riba isingepanda kamwe, mwezi wa 36 deni lingekuwa dola 9,451. Kwa kuwa ilipanda, deni ni dola 9,576. Zile dola 125 ambazo hazikulipwa zinapaswa kulipwa katika miezi 24 iliyobaki, na ndizo zinazoleta dola 5 na senti 90 za kila mwezi. Hili lingeelezwa kwa dakika tano na karatasi moja, ugomvi usingekuwepo. Benki zinazokataa kuonyesha hesabu zinajinyima hata nafasi ya kujitetea pale zinapokuwa na haki.

Ambapo benki hazina utetezi mzuri ni katika mwendo. Riba ikipanda, barua inafika mapema. Ikishuka, barua inachelewa, au mteja anaambiwa aandike maombi. Hili si la Congo peke yake. Kenya, ambako makundi mawili ya benki yanayofanya kazi hapa yana makao yake, Equity iliyoichukua BCDC na KCB iliyoichukua TMB, Benki Kuu yake ilianza kushusha riba elekezi Agosti 2024 kutoka asilimia 13, na Februari 2025 ilikuwa imefika 10.75. Mikopo ya wananchi haikushuka kwa mwendo huo. Ilibidi Benki Kuu ya Kenya izikemee benki hadharani na kuzitishia faini.

Mama anaweza kuhesabu mwenyewe bei ya uvivu huo. Mwezi wa 36 ana deni la dola 9,576. Pointi tatu za riba juu ya deni hilo ni dola 287 kwa mwaka, ambayo ni karibu dola 24 kwa mwezi. Kila mwezi ambao benki inachelewa kushusha riba yake, dola 24 zinatoka mfukoni mwake kwenda benki. Miezi mitatu ya «bado tunangojea mfumo ubadilishwe» ni dola 70 hivi. Kwa mteja mmoja ni mzigo mmoja wa mkaa na mabaki. Kwa maelfu ya wateja ni faida ya robo mwaka.

Ni kweli kwamba mkopo wa dola haufuati riba ya Benki Kuu ya Congo moja kwa moja. Dola ina bwana wake, Benki Kuu ya Marekani, ambayo kati ya Machi 2022 na Julai 2023 ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, na kuanza kuishusha Septemba 2024. Hapo ndipo mteja anapaswa kusoma mkataba wake kwa jicho la makini. Mkataba mzuri unasema riba yake inafuata kipimo gani, kinachotangazwa na nani, na benki inaongeza pointi ngapi juu yake. Mkataba mbaya unasema tu kwamba benki inaweza kurekebisha riba kufuatana na hali ya soko. Sentensi hiyo ya pili inamfunga mteja na kuiacha benki huru: hali ya soko ikipanda inaonekana, ikishuka haionekani. Mtu akiona sentensi ya namna hiyo kabla ya kutia saini, aombe ibadilishwe, na kama benki inakataa, akalinganishe na benki nyingine yenye riba isiyobadilika, hata kama ni pointi moja juu zaidi.

Benki Kuu ya Congo ina mamlaka ya kutoa maagizo kwa benki na kwa taasisi ndogo za mikopo, na katika jambo hili agizo halihitaji kurasa nyingi. Kila riba inapobadilika, mteja apewe karatasi kabla ya malipo mapya kuanza. Iandikwe deni lililobaki siku hiyo, mtaji mbali na riba iliyochelewa na adhabu. Iandikwe miezi iliyobaki, na tarehe ya mwisho. Iandikwe riba ya zamani, riba mpya na tarehe inapoanza, kwa sababu riba ikibadilika tarehe 10, siku tisa za kwanza za mwezi ni za riba ya zamani, na benki isizimeze. Chini yake ziandikwe bei mbili: malipo mapya kama muda unabaki ule ule, na miezi mipya kama malipo yanabaki yale yale. Mteja aweke alama kwenye moja na kutia saini. Na sheria iwe moja kwa kupanda na kwa kushuka, na siku zile zile za kungojea.

Benki zitasema hilo ni kazi nyingi. Programu zao zinatoa namba hizo zote kwa sekunde. Bila hizo zisingepata malipo mapya yenyewe. Kinachokosekana ni kuzichapisha.

Wakati agizo hilo linangojewa, mteja ana kipimo kimoja anachoweza kufanya kwa simu ya kawaida, akiwa amesimama mbele ya gishe. Achukue deni lililobaki, alizidishe kwa riba mpya ya mwaka, agawanye kwa 12. Hiyo ndiyo riba ya mwezi wa kwanza: kwa mama wa vitenge, 13,394.50 mara 0.15, gawa kwa 12, ni 167 na senti 43. Atoe namba hiyo katika malipo mapya aliyotajiwa. Kinachobaki ni sehemu ya mtaji, dola 296 na senti 89. Kisha agawanye deni kwa sehemu hiyo: 13,394.50 gawa kwa 296.89 ni 45. Namba hii ya mwisho lazima iwe kubwa kuliko miezi iliyobaki, kwa sababu sehemu ya mtaji inakua kila mwezi, lakini isiwe mbali sana nayo. Arobaini na tano kwa miezi 36 ni ya kawaida. Kwa yule aliyepewa dola 318, sehemu ya mtaji ni dola 151 tu, na mgawanyo unatoa karibu 89. Namba 89 kwa mtu anayeamini amebakiza miezi 36 inatosha kumfanya avute kiti, akae, na kuomba jedwali jipya lote, mstari kwa mstari, kabla ya kutia saini.